Uko na milioni tatu za filamu: uziweke juu ya laini ama chini?

Wiki jana kuna jamaa alinitafuta, ni rafiki wa binamu yangu, ameuza ploti yao ya Kitengela na ndugu zake wakakubali hisa yake aitumie kwa filamu (usiniulize aliwaambia nini). Ako na shilingi 3,000,000, ako na skripti ya kurasa 88, na swali lake lilikuwa moja tu: "Brathe, nichukue staa ama nichukue krui poa?" Tukakaa hapo Kenyatta Avenue kwa kibanda cha chai tukafungua laptopu, na tukaandika bajeti mbili za filamu ileile. Nimeona niziweke hapa kando kwa kando maana hilo swali naulizwa kila mwezi, na wengi wanaouliza hawajui laini yenyewe ni gani.

Sasa tuanze na hiyo laini. Bajeti ya filamu huwa na ukurasa wa kwanza wenye majumla, watu wa prodakshoni huuita topu shiti. Kwa huo ukurasa kuna mstari umechorwa kabisa, mstari wa kawaida tu wa kugawa. Juu ya mstari unapata hadithi na skripti, prodyusa, dairekta na waigizaji wakuu. Chini yake ndo kila kitu kingine: mpiga kamera mkuu, watu wa laiti, sauti, mekapu, nguo, seti, magari, msosi, leseni, bima, halafu uhariri na kazi yote ya baada ya kushuti. Kwa hivyo mtu akisema "juu ya laini" hamaanishi watu wa maana na "chini ya laini" watu wa mkono. Mpiga kamera mkuu ndo anaamua filamu yako itakaa aje na bado ako chini. Ekstra wako chini pia. Hao waigizaji wadogo wa sini moja inategemea nani ameandika bajeti, wengine huwaweka pamoja na kasti yote juu, si jambo la kupigania.

Tofauti yenyewe iko kwa vile hiyo pesa inavyotembea. Pesa ya juu huwa ni ya kuelewana. Mnakaa chini, mnabishana, mnataja figa moja, mnasaini, imeisha, na mara nyingi hayo yote yanafanyika kabla kamera haijawashwa. Ndo maana huko Hollywood mwaka 1996 Jim Carrey angeweza kulipwa dola milioni 20 kwa filamu moja, hakuna mahali bei ya saa ya Jim Carrey imeandikwa, ni vile mlivyoelewana. Lakini pesa ya chini karibu yote ni hesabu ya kuzidisha: bei ya siku mara idadi ya siku. Ukiongeza siku moja unalipa tena kila mtu, kila gari, kila sahani. Ukishika hapo umeshika nusu ya hii kitu.

Kwa hivyo kabla hata tuguse suala la staa nilimwambia jamaa tutafute bei ya siku yake moja. Krui ya watu 15 kwa bei zile alikuwa ameshaulizia, wote pamoja 62,000. Kamera, lenzi, laiti na vifaa vya sauti 38,000. Van ya abiria 14 na pikapu ya vifaa pamoja na mafuta 14,000. Msosi watu 25, yaani krui na kasti na ekstra wachache, 500 kila mmoja, chai na mandazi asubuhi, lanchi, chai ya jioni, hiyo ni 12,500. Lokesheni 10,000. Na vitu vidogo, betri, tepu, maji, eatimu, kumtuliza kijana wa jirani azime redio, 3,500. Jumla 140,000. Hiyo ndo namba nilimwambia aandike kwa kiganja. Siku moja ya kushuti ni 140,000, iwe mmeshuti kurasa kumi ama mmekaa mkingoja mvua iishe.

Sasa bajeti zenyewe. Ya kwanza, tuiite ya staa, ndo alikuwa amekuja nayo kichwani. Kuna mwigizaji anajulikana sana kwa tivii, sitamtaja, na bei aliyotajiwa ilikuwa 600,000. Filamu ni ya msichana anaendesha saiba huko Kayole na babake anarudi nyumbani baada ya miaka mingi, na ndo staa aifanyie hiyo pesa kazi vizuri wangeandika skripti upya baba aonekane karibu kila sini. Ya pili nikaiita ya siku: waigizaji wazuri wa jukwaani ambao hawajulikani nje ya watu wanaoenda tiyeta, na pesa iliyobaki yote iende chini.

| | Ya staa | Ya siku |
|---|---|---|
| Skripti | 100,000 | 80,000 |
| Prodyusa | 150,000 | 100,000 |
| Dairekta | 150,000 | 100,000 |
| Staa | 600,000 | – |
| Waigizaji wakuu wengine | 200,000 | 320,000 |
| Jumla juu ya laini | 1,200,000 | 600,000 |
| Siku za kushuti | 9 = 1,260,000 | 12 = 1,680,000 |
| Maandalizi, leseni, bima, nguo, seti | 150,000 | 170,000 |
| Gari na mekapu ya staa | 60,000 | – |
| Uhariri, sauti, rangi, muziki | 230,000 | 330,000 |
| Pesa ya dharura | 100,000 | 220,000 |
| Jumla chini ya laini | 1,800,000 | 2,400,000 |

Zote ni milioni tatu kamili. Ukiangalia haraka unaona ya staa imeweka asilimia 40 juu na ya siku asilimia 20, na hapo ndo watu wengi huachia, wanaanza kubishana ni asilimia ngapi ndo sawa. Hakuna asilimia sawa. Filamu ya watu wawili kwa chumba kimoja inaeza beba juu nzito na isife, filamu ya fujo za mtaani na matatu tatu haiwezi. Kitu cha kuangalia ni huo mstari wa siku.

Kurasa 88 kwa siku 9 ni karibu kurasa 10 kwa siku. Kurasa 88 kwa siku 12 ni kama saba na kitu. Kwa mtu hajawahi kuwa seti hiyo inasikika kama tofauti ndogo, wacha nikuonyeshe. Tuseme kila ukurasa unahitaji kamera iwekwe mahali patatu tofauti, na hiyo ni kujibana. Kurasa kumi ni mara 30 za kusogeza kamera na laiti. Siku ya saa 12 ukitoa saa moja ya lanchi ni dakika 660. Gawa kwa 30, una dakika 22 kila mara, na ndani ya hizo dakika 22 unasogeza kamera, mtu wa laiti anapanga, mekapu anapanguza jasho, mwigizaji anafanya mazoezi, na bado unataka kurudia mara tatu nne. Kwa ile ya siku 12 ni kama mara 22, kwa hivyo una nusu saa. Hizo dakika nane za ziada ndo dairekta anapata kusema "hapana, turudie, hiyo haikuwa yenyewe". Kwa dakika 22 hasemi. Anasema "tumepata, twende". Na filamu kubwa za nje hushuti ukurasa mmoja mpaka tatu hivi kwa siku, ndo ujue hata sisi wa saba tunakimbia.

Kwa hivyo ukimbadilisha staa kuwa siku, 600,000 ni siku nne na ushee. Si kusema staa ni mbaya. Staa anakuletea kitu krui haiwezi, uso wa kuweka kwa posta, watu wa kuuza filamu wanakupokea simu, na kama una mnunuzi ameshasema "nikiona huyu nitanunua" basi hiyo 600,000 si matumizi tena, ni dhamana. Swali nililomuuliza jamaa ni hili: kuna mtu yeyote amekuambia hivyo kwa maandishi? Akanyamaza akakoroga chai. Basi.

Kuna jambo jingine halionekani kwa jedwali. Pesa ya juu ikiingia huwa inavuta pesa ya chini na yenyewe. Staa hapandi van na wengine, anataka gari lake, anataka mtu wake wa mekapu, anataka mahali pa kukaa pasipo jua, hiyo 60,000 umeiona hapo. Tena figa yenyewe uliza mapema ni ya mkononi ama kabla ya kodi. Ukimlipa mtu kwa hesabu ya ada ya kitaalamu unatakiwa umkate kodi ya zuio asilimia 5 na uipeleke, sasa yeye akiwa ameshaelewa 600,000 mkononi, wewe itakutoka karibu 631,600. Hiyo 31,600 haiko kwa jedwali na ukiitafuta utaitoa kwa pesa ya dharura kabla hata ya siku ya kwanza.

Na kubwa zaidi ni masaa. Hapa niseme yaliyonipata mimi, ilikuwa filamu ndogo kuliko hii na nilikuwa meneja wa prodakshoni. Mkataba wa staa wetu ulisema "siku 9" na hakuna mahali ulisema siku ni saa ngapi mpaka saa ngapi. Siku ya tatu tuko kwa nyumba ya mabati huku Umoja, kol shiti, yaani ratiba ya siku, inasema saa moja asubuhi, krui imefika kumi na mbili na nusu, laiti ziko juu, mtu wa kushika maiki ya bumu amekaa kwa kreti ya soda. Saa mbili hayuko. Saa nne anatuma meseji ako kwa tangazo fulani anamaliza. Anaingia saa tano na robo, mekapu dakika arobaini, tunaanza kushuti karibu lanchi, na saa kumi na moja akasema ana harusi ya kuwa emsii. Alikuwa poa kabisa, alisalimia kila mtu, na kisheria hakuvunja chochote, siku yake amekuja. Mimi krui nimelipa siku nzima. Hiyo siku tulitoka na kurasa tatu badala ya tisa, na tulivyojaribu kuzifidia kesho yake mvua ikapiga mabati na mtu wa sauti akavua hedifoni akaziweka chini bila kusema kitu.

Tuliongeza siku moja. Pesa ya dharura ikaisha hapo hapo na bado haikutosha, iliyopungua tukaitoa kwa pesa ya sauti ya mwisho. Unajua hiyo inasikika aje? Mazungumzo ya sini tano yanasikika kama watu wako ndani ya debe. Hao waigizaji ingebidi waitwe studio warudie maneno yao, na staa kurudi ni pesa mpya, siku zake tisa zimeisha. Hapo ndo pesa ya "kuelewana" inaanza kuvuja na yenyewe pia.

Ndo maana mimi nikiangalia bajeti ya mtu naenda moja kwa moja chini kabisa, kwa uhariri na dharura. Hizo ndo huliwa kwanza kwa sababu hazina mtu amesimama seti akizidai. Draiva atadai, mama wa msosi atadai, edita bado hata hajapigiwa simu. Dharura kawaida huwa asilimia 10 ya matumizi mengine yote. Ya staa ina 100,000 kwa 2,900,000, hiyo ni kama asilimia tatu na nusu, haitoshi hata siku moja ya ziada. Ya siku ina 220,000, asilimia nane hivi, si kumi lakini inabeba siku moja na inabaki na 80,000. Ukitaka kujua bajeti itaanguka ama haitaanguka usiniambie jumla, niambie tu: dharura yako inanunua siku ngapi? Ikiwa jibu ni chini ya moja, ushaanguka na hujaanza.

Kuna wale watasema si prodyusa na dairekta wasilipwe sasa walipwe ikiuza, halafu staa atoshee. Inafanyika, na saa zingine ni busara, lakini si kwa mdomo. Andika ni kiasi gani, kitatoka kwa pesa gani ikiingia, na nani anatangulia, yaani mwenye ploti ya Kitengela anarudishiwa milioni zake tatu kwanza ndo dairekta alipwe, ama wanagawana kutoka shilingi ya kwanza? Hizo ni filamu mbili tofauti kwa mfuko wa dairekta. Na ukisikia mtu anakuahidi asilimia ya "faida", uliza faida baada ya kutoa nini. Baada ya kutoa kila kitu mara nyingi hakuna.

Leseni nazo msiziruke, najua nimeziandika pamoja na nguo na seti kama kitu kidogo. Kurekodi filamu kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, sura ya 222, na ukishuti barabarani mjini kaunti nayo iko. Siku askari mmoja akifunga seti yenu saa nne asubuhi mtakuwa mmelipa 140,000 mkatazame kamera ikirudishwa kwa begi.

Sasa jamaa alichukua gani. Mimi kwa hizo mbili ningechukua ya siku bila kufikiria, na nilimwambia hivyo. Lakini ndugu zake bado walitaka jina, maana ndo pesa yao, na si vibaya wakitaka. Kwa hivyo tukatengeneza ya tatu kutoka kwa ile ya siku. Tukarudisha baba kuwa mtu mdogo wa hadithi kama alivyokuwa mwanzo, sini zake zote tukazileta kwa sebule moja, na staa akawekwa hapo siku mbili tu. Kwa mkupuo huo skripti ikashuka kurasa 80 na siku zikawa 11, ambazo bado ni kurasa saba na kitu kwa siku, kasi ileile. Siku moja iliyotoka ilirudisha 140,000. Yule mwigizaji wa jukwaa aliyekuwa aigize baba alikuwa kwa 60,000, hiyo nayo ikarudi. Jumla 200,000: staa 180,000 na 20,000 za gari lake na mekapu. Juu ya laini ikawa 720,000, chini 2,280,000, na dharura hatukuigusa.

Staa alikataa mara ya kwanza, akasema 180,000 ni kama matusi. Jamaa akamweleza ni siku mbili, akihesabu zile 600,000 kwa siku tisa anapata chini ya 67,000 kila siku na hapa anapata 90,000. Akacheka akakubali. Mkataba safari hii unasema saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, siku ya Jumanne na Jumatano, nusu ya pesa akisaini na nusu akimaliza sini ya mwisho ya Jumatano, na akichelewa kwa zaidi ya masaa mawili siku inahesabika haijaanza. Hicho kipengele cha mwisho wakili wake alikipigia kalamu nyekundu mara mbili, na mara mbili jamaa alikirudisha.